Mintarafu ya Nyumba Sita za Likoni

Nimeandika barua nyingi maishani za kuwaridhisha watu. Za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kusifu nisichokipenda. Moja tu niliiandika nikiwa nimekasirika, na ndiyo peke yake ambayo hata leo nikiisoma sioni neno la kufuta. Ilikuwa ya kurasa mbili, kwa mteja, kumweleza kwa nini nilibadilisha vichwa vya kurasa za websaiti yake, na atarajie nini mwezi baada ya mwezi. Nusura inifukuzishe kazi. Potelea mbali, ningeiandika tena.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa. Kazi yangu ilikuwa Kisauni, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kibao chetu kilisema tunapiga chapa, tunatoa fotokopi, tunatuma faksi, na chini kabisa, kwa rangi mpya, kwamba tunatengeneza websaiti. Waliopanda ngazi zile wengi walikuja kwa ajili ya fotokopi. Websaiti zilikuwa zangu mimi. Nilijifunza kwa kitabu kimoja kilichochanika jalada, na kwa kufungua kurasa za watu wa ng'ambo nikatazama zimeshonwaje kwa ndani. Tulikuwa na kompyuta mbili na modemu moja iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia kila ilipotafuta laini. Bosi wetu hakujua kushona ukurasa hata mmoja, lakini kuuza alijua. Angekuuzia kivuli chako mwenyewe, na ukamshukuru.

Mteja wetu mkubwa wa websaiti alikuwa mama mmoja wa Likoni, wa ukoo wa zamani, wale ambao shamba lao lilikuwapo kabla ya barabara. Sote tulimwita Bi Mkubwa, hata Bosi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye masjala ya ofisi moja ya bandarini, pale barua zote zinapopokelewa, kupigwa muhuri, kupewa namba na kutiwa kwenye faili yake. Alipostaafu alijenga nyumba sita ndogo kwenye shamba la mamake, karibu na ufuo, za wageni kukaa na kujipikia wenyewe. Nyumba zikapata wageni, na wageni wakawaambia wenzao. Kisha zikaja fujo za tisini na saba, watu wakauawa, watu wakahama, na Wazungu wakalifuta jina la Likoni vichwani mwao. Tangu hapo nyumba zile sita zilikuwa zikifagiliwa kila asubuhi na hakuna aliyelala ndani.

Ndipo akaja kwetu kutaka websaiti. Alikaa kitini na mkoba wake mapajani, akanisomea aliyotaka yaandikwe, nami nikaandika. La kwanza kabisa lilikuwa salamu. "Karibuni, karibuni sana nyumbani kwetu, jisikieni mko kwenu." Alitaka salamu hiyo iwe kila ukurasa, juu kabisa.

"Mgeni haingii kwangu bila kukaribishwa," alisema. "Hata kama anaingia kwa waya wa simu."

Mimi nami ni mtoto wa pwani. Sikuona kosa lolote. Nilikwenda nikaweka salamu ile kwenye kichwa cha kila ukurasa, na kurasa zilikuwa tisa. Hapa nieleze, maana wengi hawakijui. Kichwa cha ukurasa si yale maandishi makubwa unayoyasoma ndani. Ni ule mstari mwembamba unaotokea juu kabisa ya dirisha la kompyuta, ambao hakuna anayeutazama. Nilidhani ni pambo. Nilitia salamu, kisha jina la zile nyumba, nikaridhika. Kosa lile lilikuwa langu, na mtu wa bara asingelifanya, kwa sababu mtu wa bara asingekumbuka kusalimu.

Karibu mwaka ukapita, barua ya mgeni hata moja haikuja. Kila Alhamisi Bi Mkubwa alivuka feri, akaja Kisauni, nikamfungulia imeli zake na kumchapia. Zilikuwa za jamaa zake wa Maskati na za matapeli. Akizisoma zote, akizikunja, akisema "Alhamdulillahi," akienda zake. Ile alhamdulillahi ilinichoma kuliko tusi.

Siku moja nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu mwanzo. Mzungu aliye kwao, anayetaka nyumba ya kupanga ufuoni Mombasa, ataandika nini kwenye mtambo wa kutafutia? Nikaandika nilivyodhani angeandika. Nikapekua ukurasa wa kwanza wa majibu, wa pili, wa tano. Hatukuwapo. Nikaandika maneno ya salamu yetu yenyewe, na lo, tukatokea! Mistari tisa, yote sawasawa: "Karibuni, karibuni sana nyumbani kwetu, jisikieni mko..." Hapo mtambo ulikata, kwa sababu kichwa kilikuwa kirefu, na jina la nyumba likaangukia nje. Hapakuwa na Likoni wala Mombasa, na wala neno moja la kumwambia mtu kwamba hizi ni nyumba na zinapangishwa. Ili utuone ilibidi uwe tayari unatujua. Nilijipiga kofi la paji la uso, wallahi, mpaka bwana mmoja aliyekuwa akingoja fotokopi akageuka.

Wiki ile nikavibadilisha vichwa vyote tisa. Kila ukurasa nikaupa chake. Vilikuwa kwa Kizungu, lakini maana yake ilikuwa hivi: wa kwanza, "Nyumba za kupanga ufuoni Likoni, Mombasa, Kenya." Wa bei, "Bei za nyumba za kujipikia, ufuo wa kusini Mombasa." Wa njia, "Jinsi ya kufika Likoni kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa." Maneno mazito mbele, jina la nyumba nyuma. Salamu nikaishusha ndani ya ukurasa, ikawa mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa za kijani. Nikazirusha kurasa kwa modemu, nikapeleka anwani zake kwenye mitambo, nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi. Sikumwomba mwenyewe ruhusa. Hilo kosa la pili, nalo nalikiri.

Alhamisi iliyofuata Bi Mkubwa akakaa, akatia miwani, na kabla sijafungua imeli alitaka kuona websaiti yake kwanza. Mtu wa masjala huyo. Macho yake yakaenda moja kwa moja kule juu kwenye mstari mwembamba ambao nimesema hakuna anayeutazama.

"Salamu yangu iko wapi?"

"Nimeishusha, Bi Mkubwa. Hii hapa, ndani."

"Nimekuuliza ya juu."

"Juu nimeandika ni kitu gani tunachokodisha, ili watu..."

"Tunachokodisha!" Akavua miwani. "Yaani mgeni anafika mlangoni pangu, mimi badala ya kumwambia karibu namwambia bei? Nimekuwa muuza samaki leo? Bibiye, kizuri chajiuza."

"Chajiuza kikionekana," nikasema.

Kumjibu mtu mzima hivyo kwetu ni utovu wa adabu, nami nilijua, lakini ulimi ulishatoka. Bi Mkubwa akainuka, akachukua mkoba wake. Akamwambia Bosi kwamba kuna kijana wa Nairobi amemhakikishia kwamba ndani ya wiki mbili atamweka namba moja duniani, na bila kumwondolea salamu. Anampa Bosi wiki moja kuirudisha juu. Akateremka ngazi polepole, akishika ukuta, na hakuniaga.

Nilimjua kijana yule na ujanja wake. Alikuwa akiandika "Mombasa hoteli Mombasa ufuo Mombasa" mara mia, kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, msomaji asione, mtambo uone. Baadhi ya mitambo ilikuwa imeshaanza kuishtukia hila hiyo na kuwatupa nje wanaoitumia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini nani angenisikiliza mimi?

Bosi aliniita ndani kwake akafunga mlango. Alikuwa na sauti laini akikasirika, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya.

"Dada, unaandika barua leo. Unaomba radhi. Unamwambia vichwa vinarudi kama vilivyokuwa. Na unamwambia kwa mbinu zetu mpya nyumba zake zitajaa kabla ya Idd."

"Nitaomba radhi kwa kutomuuliza. Vichwa sirudishi. Na hilo la Idd ni uwongo."

"Uwongo gani? Ni matumaini."

"Matumaini hayana tarehe, Bosi."

"Sawa. Andika unavyotaka. Lakini utatia sahihi yako wewe, si ya kampuni. Huyu ni mteja anayetuletea hoteli mbili za Bamburi kwa mdomo wake tu. Akiondoka, utaondoka naye."

Nyumbani nilikuwa na mama na wadogo zangu wawili, na mshahara ulioingia ndani ulikuwa wangu peke yake. Nilijua vizuri nilichokuwa nikikichezea. Na liwe liwalo, nikasema, lakini sitaandika tarehe ya jambo nisilolishika.

Barua ya kwanza niliyoandika ilijaa maneno ya kompyuta. Nikaisoma, hata mimi sikuielewa. Nikaichana. Ya pili ilijaa samahani, mstari baada ya mstari, mpaka ukimaliza kuisoma unajiuliza kama nimemuua mtu. Nikaichana nayo. Nikakaa nikitazama karatasi tupu. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na barua ya mzazi mmoja kwenda shuleni, iliyoletwa kupigwa chapa. "Kwa Mwalimu Mkuu. Salamu nyingi sana. MINT:" na baada ya hapo, kwa herufi kubwa na mstari chini yake, jambo lenyewe. Mintarafu! Nikashika kalamu hapohapo.

Niliandika hivi, nanukuu nakala niliyobaki nayo.

"MINT: VICHWA VYA KURASA ZAKO TISA. Bi Mkubwa, nilivibadilisha bila kukuuliza, na kwa hilo nimekukosea. Kuvibadilisha kwenyewe sikukosea, na sababu ni hii. Umekaa masjala. Barua mia zikiletwa asubuhi, karani anayezipanga hasomi salamu, kwa sababu kila barua ina salamu, na salamu zote zafanana. Husoma mintarafu. Barua isiyo na mintarafu haiendi faili yoyote. Hukaa kwenye trei mpaka ikapauka. Mtambo wa kutafutia ni karani wa namna hiyo, na barua zake ni kurasa za dunia nzima. Kichwa cha ukurasa ndiyo mintarafu yake. Zako tisa zote ziliandikwa 'Karibuni'. Aliyeziandika ni mimi. Zimekaa kwenye trei karibu mwaka mzima."

Kisha nikaandika yatakayokuja, bila sukari.

"Mwezi wa kwanza usitarajie kitu. Karani huyu huweka nakala ya ukurasa siku anapoutembelea, na mpaka arudi ataendelea kuonyesha kichwa cha zamani. Harudi kwa kuitwa. Tumempelekea anwani, basi. Mwezi wa pili na wa tatu, mitambo itaanza kurudi mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Utaona kurasa nyingine zina kichwa kipya na nyingine cha zamani. Hesabu ya wanaotembelea huenda hata ikapungua kidogo. Usishtuke. Mwezi wa nne mpaka wa sita, ikiwa nimekisia sawa maneno wanayoyaandika watu, wataanza kuja wanaotafuta nyumba ufuoni Mombasa. Usiangalie ni wangapi, angalia wanauliza nini. Wanaopanga safari ya Desemba huuliza katikati ya mwaka, kwa hiyo vichwa hivi vikichelewa kuonekana zaidi ya hapo tutakuwa tumekosa msimu."

"Sikuahidi namba moja. Hakuna anayeweza kuiahidi, maana mtambo si wake. Sikuahidi kwamba hofu ya Likoni imekwisha. Kichwa cha ukurasa hakiondoi hofu, humfikisha tu mtu mlangoni. Ninakuomba jambo moja: visiguswe kwa miezi sita. Vikiguswa kila mwezi, tutaanza upya kila mwezi, na hatutajua kamwe kilichofaa na kilichoharibu. Baada ya miezi sita, kama hakuna hata swali moja, nitakuja mwenyewe kukwambia nilikosea."

Nikatia sahihi yangu. Bosi akaisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa. "Umemwandikia mteja kwamba asitarajie kitu," alisema. "Umeona wapi?"

Sikuituma kwa posta. Nilivuka feri nayo mwenyewe, Jumamosi asubuhi, nikapita zile nyumba sita zimefungwa madirisha, nikafika kwake.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," ilitoka sauti ndani, bila furaha.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Umeamkaje? Watu wote wazima?"

"Marahaba. Wazima. Kaa."

Nikakaa, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaurudia. Akasoma wa pili. Uso haukuonyesha kitu. Kisha akainuka, akaenda kabatini, akarudi na kidau cha wino na muhuri wa tarehe. Muhuri mzima, wa kuzungusha namba! Akauzungusha mpaka tarehe ya siku ile, akaugonga kwenye pembe ya barua yangu, akatoa faili ya rangi ya kahawia, akaitoboa barua na kuifunga ndani kwa uzi, akaandika "1" juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Akaweka na alama nyingine nyekundu hapo juu, ambayo sikuiona vizuri.

"Miezi sita," alisema.

"Miezi sita."

"Na salamu yangu iko ndani, mstari wa kwanza?"

"Kwa herufi za kijani, Bi Mkubwa."

"Kijani ndiyo," alisema, kama anayekubali jambo dogo ili asikubali kubwa. "Haya. Nimeipokea. Kupokea si kukubali."

Mwezi wa kwanza haukuleta kitu, kama nilivyoandika. Bi Mkubwa alikuja kila Alhamisi, akasoma imeli zake za Maskati, akaandika kitu kwenye kijitabu, akaenda. Mwezi wa pili ile hesabu inayojiandika chini ya ukurasa, ya mara ulizofunguliwa, ilipanda polepole kuliko zamani, kama nilivyoandika. Mwezi wa tatu ikapanda ghafla. Moyo wangu uliruka, mpaka nilipofika mapema siku moja nikamkuta Bosi kwenye kompyuta yangu, anaufungua ukurasa wa Bi Mkubwa, anaufunga, anaufungua. Kila akifungua, hesabu inapanda moja.

"Bosi! Hiyo nini?"

"Namtia moyo mama wa watu."

Salaale! Nilicheka kwa hasira. Nikamwambia kampuni inayotuhifadhia kurasa kule ng'ambo inatuletea orodha kila mwezi, na orodha ile yaonyesha kila mgeni alitoka wapi. Huyu mgeni wake mwaminifu anatoka Kisauni. Mungu hamfichi mnafiki. Hakuipenda hiyo.

Pia kulikuwa na orodha moja kubwa ya websaiti za dunia, iliyopangwa na watu badala ya mtambo. Nilitaka tuombe kuingizwa kwa maneno makavu: nyumba sita, za kujipikia, Likoni. Bosi akayapeleka yeye, akaongeza "nzuri kuliko zote Afrika." Tukakataliwa, maana watu wale hawapokei majigambo. Nikapeleka tena, makavu, na kurudi mkiani mwa foleni.

Katikati ya mwezi wa nne, Bosi akaishiwa subira. Kijana wa Nairobi alikuwa amepata zile hoteli mbili za Bamburi. Akaniamuru nirudishe vichwa vya zamani siku hiyohiyo. Nikakataa. Nikamwambia ni vya mteja, si vyangu wala vyake, na mteja tumemwandikia miezi sita. Akasema basi atamwandikia yeye, na mimi nianze kukusanya vitu vyangu. Akampelekea barua nzuri ya karatasi ya kampuni: kwamba kutokana na kutoridhika kwake, tunamrudishia salamu yake mahali pake, na mfanyakazi aliyehusika amechukuliwa hatua.

Kwa siku nne nilikwenda kazini na mkoba mkubwa. Niliweka ndani kile kitabu changu kilichochanika, kikombe, na kanga ya kuswalia. Mama aliniuliza mkoba wa nini, nikamwambia nimeupenda tu. Nilikuwa na hofu, sitaki kudanganya. Lakini kila nikiifungua nakala ya barua yangu kutafuta nilipokosea, sikupaona, na hapo hofu ilikuwa ikigeuka ghadhabu.

Siku ya tano jibu likaja, limepigwa chapa kwa mashine ya zamani yenye herufi ya "a" iliyoziba. Bosi alilisoma kisha akaniachia mezani. Lilisema: "MINT: VICHWA VYA KURASA. Rejea barua yenu iliyomo namba 1 ndani ya faili yangu, ukurasa wa pili: 'visiguswe kwa miezi sita.' Leo ni miezi mitatu na siku kumi na tisa. Sikumbuki kuwaandikia kwamba siridhiki. Anayesema nimeandika anionyeshe namba ya barua. Visiguswe."

Nilitoa kikombe changu mkobani nikakirudisha mezani. Chai siku hiyo niliinywa yenye sukari tele.

Mwezi wa tano, Jumatatu, nilifungua imeli nikaona jina nisilolijua. Mume na mke na watoto, mji wa mbali wenye baridi. Waliuliza kama jiko ni la gesi, kama nyumba ina neti, na kama kutoka uwanja wa ndege mpaka Likoni ni lazima kupanda feri. Walitaka wiki mbili za Desemba. Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda kwenye orodha ya kutoka ng'ambo nilipoipata, nikakuta maneno waliyoandika kwenye mtambo: nyumba ya kupanga, ufuo, Mombasa. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Wiki ile likaja swali la pili, na wiki iliyofuata mawili. Hazikujaa nyumba zile, jamani, nisije nikadanganywa na furaha. Desemba ile, nyumba tatu kati ya sita ndizo zilizopata watu. Lakini madirisha yalifunguliwa.

Alhamisi Bi Mkubwa akaja. Bosi alikuwa ameshaagiza soda, amevaa tai.

"Bi Mkubwa, tulikwambia!" akaanza. "Sisi hapa ofisini tulikwambia tangu mwanzo, subira yavuta heri..."

Bi Mkubwa akainua mkono. Akatoa faili ya kahawia mkobani, akafungua namba moja, akaigeuza kuelekea kwake Bosi, akaweka kidole chini ya ukurasa wa pili.

"Hapa sahihi ni ngapi?"

"Moja."

"Ya nani?"

Bosi akanielekeza kwa kidevu.

"Na namba mbili ni yako, inayosema umemchukulia hatua. Basi sikiliza. Akiondoka huyu, mimi naondoka naye."

Soda ziliwekwa mezani na hakuna aliyezigusa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, lakini si kwa adabu, nilikuwa naficha meno. Bi Mkubwa akanigeukia, uso wake mkali vilevile.

"Na wewe usichekelee. Kuna kosa kwenye barua yako. Nimelitia alama siku ileile." Kidole chake kikapanda mpaka juu, kwenye ile alama nyekundu ambayo sikuiona vizuri kwake. "Umeanza na mintarafu. Umemwandikia mtu mzima kurasa mbili nzima na hukutia salamu hata moja."

Miezi mitano nilikuwa nimeitetea barua ile kila neno. Sikuwa na nia ya kuiacha pale.

"Salamu nilikuletea mwenyewe, Bi Mkubwa," nikasema. "Mlangoni."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile alama, akafunga faili.

"Haya," alisema. "Nichapie barua zangu."